Mama mdogo ameshika kitabu cha ndoto na muuza namba: nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima?

Kifungua Mimba
Wakuu, habari za jioni. Mama mdogo wangu ni mjane, miaka sitini na kidogo. Anacheza bahati nasibu ya tarakimu tatu, 000 hadi 999, droo moja kila siku. Namba anazitoa sehemu mbili. Ya kwanza ni kijitabu cha ndoto: nyoka ana namba zake, maji yana namba zake, na akimwota marehemu baba mdogo napo kuna namba zake. Ya pili ni jamaa wa kwenye simu anayeuza "namba za uhakika". Huyu alimpa bure tarakimu ya mwisho siku mbili mfululizo, na zote mbili zikatoka vilevile. Sasa anataka alipwe ada ndipo ataje tarakimu zote tatu.

Sitaki kumkemea mtu mzima. Nataka kwanza nielewe mwenyewe, maana hata mimi pale nilikwama: zile mbili alizipataje? Halafu nimwambieje?

Pancha
Mkuu, hicho kitabu kinaitwaje? Au tupigie picha ukurasa wa nyoka tu.

Karani wa Zamu
Pancha subiri, kwako nitarudi.

Kifungua Mimba, jamaa hakujua chochote. Fanya hivi: chukua kwamba ana namba za simu 8,000. Siku ya kwanza anawagawa watu hao mafungu kumi, kila fungu watu 800. Fungu la kwanza analiambia droo ya leo itaishia na 0, la pili 1, hivyo hivyo hadi la kumi linaloambiwa 9. Droo ikichezwa, lazima fungu moja liwe limepatia, kwa sababu tarakimu ya mwisho haina pa kwenda nje ya hizo kumi. Yale mafungu tisa anayaacha kimya, au anayarudia baada ya mwezi akiwa na jina jingine na picha nyingine. Wale 800 waliopatiwa anawagawa tena mafungu kumi ya watu 80. Kesho yake wanabaki 80 walioona akipatia mara mbili mfululizo. Angetaka siku ya tatu wangebaki 8, na hao wanane wangemwapia kwa Mungu.

Mama mdogo wako ni mmoja wa wale 80. Tazama anachokiona yeye kwenye simu yake: meseji mbili, zote zimeingia kabla ya droo, zote ni sahihi. Meseji zenyewe hazina uongo hata kidogo, na ndiyo maana ukimwambia "amekudanganya" atakuona wewe ndiye hujui. Kilichofichwa ni simu za watu 7,920 walioambiwa kitu kingine.

Na ona ada imekuja lini. Ili atoe tarakimu zote tatu kwa ujanja huohuo anahitaji watu 1,000 ili apate mmoja wa kumwonyesha, na yeye amebakiwa na 80. Mchezo wa bure umeishia hapo. Ndiyo maana anadai pesa kabla ya kusema tatu na si baada.

Kifungua Mimba
Dah. Mbona nilikuwa natafuta uchawi mkubwa, kumbe ni kugawa tu. Ila kuna jambo: alimwambia asimtajie mtu yeyote namba, akimtajia itaharibika.

Karani wa Zamu
Hilo sharti ndilo linaloishikilia biashara yote. Wateja wake wawili wakiketi pamoja na kufungua simu, mmoja ataona ameambiwa 4 na mwenzake 7 kwa droo ileile, na habari imeishia hapo. Sharti la siri lina kazi ya pili pia: ada ikishalipwa na namba isitoke, anayo sababu tayari. "Mama, kuna mtu ulimwambia." Mteja anajikagua, anakumbuka alimtajia jirani, anajilaumu mwenyewe na analipa tena.

Ukitaka kumpima bila kulipa, watu wawili wa nyumba moja waombe ile ya bure kwa simu mbili tofauti, kwa droo moja. Mara nyingi mtapewa tarakimu mbili tofauti. Lakini mkipewa inayofanana msiruke kusema ni mkweli. Huenda mko fungu moja tu, hilo hutokea mara moja katika kumi, au yeye hutuma namba moja kwa wote na kufuta zile zilizokosea kwenye kikundi chake. Simu tatu zinaonyesha vizuri zaidi kuliko mbili.

Domo Tamu
Kuna wale wa "lipa ukishashinda". Hao si afadhali? Kama hajiamini angekubali vipi kulipwa mwishoni?

Karani wa Zamu
Hao ndio wanaolala usingizi mzuri kuliko wote. Anawapa watu 1,000 namba 1,000 tofauti. Mmoja lazima ashinde. Mchezo unaolipa 500 kwa dau la 1 unampa mshindi 500, muuzaji anachukua, tuseme, 150. Wale 999 wamepoteza dau lao, yeye hakuweka hata moja. Kukubali kulipwa mwishoni hakuonyeshi kujiamini, kunaonyesha tu kwamba pesa inayochezewa si yake.

Mzee wa Chati
Naunga mkono kuhusu wauzaji, na ndoto nazo ni za usingizini. Lakini msimpotoshe kijana kwamba hakuna kabisa njia. Namba zina mzunguko. Mimi huweka chati ya droo zote. Kwa muda mrefu kila namba hutoka karibu sawa na nyingine, hilo halina mjadala. Basi ile iliyokaa muda mrefu bila kutoka ina deni, na deni hulipwa. Mwambie mama mdogo aache ndoto ashike chati.

Karani wa Zamu
Mzee, nusu ya kwanza uko sahihi: ukikusanya droo nyingi, mgao wa kila namba husogea karibu na wa mwenzake. Ila husogea kwa sababu droo mpya nyingi huifunika ile tofauti ya zamani ikawa ndogo kwa kulinganisha. Hakuna droo inayorudi nyuma kuja kuilipia. Mpira ni mpira, namba ni rangi iliyochorwa juu yake. Hauna daftari.

Italia walilijua hilo kwa gharama. Katika bahati nasibu yao kila mji una gurudumu lake, na kila droo hutolewa namba 5 kati ya 90. Kwenye gurudumu la Venezia namba 53 ilipotea kuanzia Mei 2003. Kadiri ilivyochelewa ndivyo watu walivyozidi kuiwekea pesa, kwa hoja yako hiyohiyo ya deni, na wengi wakaumia vibaya. Ilikosekana droo 182 mfululizo, ikatoka tarehe 9 Februari 2005. Sasa piga hesabu: kila droo nafasi yake ya kutoka ilikuwa 5 kwa 90, yaani 1 kwa 18. Ilikuwa 1 kwa 18 siku ya kwanza, na ilikuwa 1 kwa 18 siku ilipokuwa imekosekana mara 182. Aliyeiwekea siku ya mwisho akala hakuwa na akili kuliko aliyeiwekea mwaka mmoja kabla akapoteza. Alikuja tu siku yake.

Mzee wa Chati
Mara 182 kukosekana si jambo la kawaida, kubali.

Karani wa Zamu
Kwa namba moja uliyoichagua mapema kwenye gurudumu moja, ni kama mara 1 katika 33,000. Lakini hakuna aliyeichagua 53 mapema. Yalikuwepo magurudumu kumi yenye namba 90 kila moja, jumla 900 za kutazamwa, miaka nenda rudi. Katika kundi hilo lazima mojawapo itachelewa kupita kiasi, na ndiyo itakayoandikwa magazetini. Na hii ni ndugu wa habari ya wale 80: tunaonyeshwa aliyebaki kwenye chujio, waliomwagika hatuwaoni.

Mzee wa Chati
Nimekusikia. Chati sitaichana.

Nahodha
Sawa, wauzaji mmewamaliza. Ila ndoto mimi siiachii. Niliota jeneza linaelea mtoni, kitabu kikanipa namba, wiki hiyohiyo ikatoka. Sikuwa nimelipa mtu wala hakuna aliyenigawa mafungu. Hiyo mnaielezaje?

Hesabu Kichwani
Nahodha, kwa heshima, ilitoka kwa mpangilio uleule kitabuni? Na jeneza lilikuwa na namba ngapi?

Nahodha
Jeneza lina tatu. Ilitoka imegeuka, ila tarakimu ni zilezile. Kila mtu anajua ndoto huja imegeuka.

Hesabu Kichwani
Asante, maana hapo ndipo penyewe. Tuichukue ndoto yako polepole. Ina jeneza, mto, maji, na bila shaka kulikuwa na watu au marehemu fulani. Hivyo ni vitu vinne. Kila kitu kitabu kinakipa namba tatu, jumla 12. Kisha "ndoto huja imegeuka", kwa hiyo 375 inakubaliwa ikitoka 735 au 537. Tarakimu tatu tofauti hupangika kwa njia 6. Mara 12 ni namba 72.

Namba 72 kati ya 1,000. Siku moja ni kidogo. Lakini hukusema "siku ileile", umesema wiki hiyohiyo. Kwa droo saba, nafasi ya angalau moja ya hizo 72 kutokea ni kama 41 kwa 100. Ukimpa ndoto muda wa mwezi, droo 30, inafika kama 89 kwa 100. Kwa maneno mengine, ndoto yenye vitu vinne ikikosa "kutimia" ndani ya mwezi ndiyo ya kushangaza.

Sasa linganisha na tiketi. Dirishani hukununua namba 72 kwa siku 30. Ulinunua moja au mbili, kwa siku moja au mbili, kwa nafasi ya 1 kwa 1,000 kila moja. Kitabu kinapimwa kwa wavu mpana, mfuko wako unapimwa kwa ndoano moja. Nikuulize tu, ile wiki ulikula?

Nahodha
Sikula. Niliweka ile ya maji.

Domo Tamu
😂 Samahani Nahodha, nimecheka kwa sauti.

Somo
Domo Tamu, hicho kicheko ndicho kinachomfanya mama wa watu aifiche simu. Akishachekwa mara moja, ya pili hatasema ameweka kiasi gani.

Karani wa Zamu
Pancha, sasa zamu yako. Swali la kitabu gani ni zuri kuliko ulivyokusudia. Mchukue paka. Katika mapokeo ya Napoli, ambayo watu wa huko hugeuzia ndoto kuwa namba za bahati nasibu yao, paka ni 3. Brazili, kwenye mchezo wao wa wanyama ulioanza Rio de Janeiro mwaka 1892, paka ni kundi la 14, na namba zake ni 53 hadi 56. Paka yuleyule, masharubu yaleyale.

Na ona kila orodha ina ukubwa gani. Ya Napoli inakwenda 1 hadi 90 kwa sababu mchezo wao una namba 90. Ya Brazili ina wanyama 25, kila mmoja namba nne, jumla 100, kwa sababu wao hutazama tarakimu mbili za mwisho. Vijitabu vya mchezo wa tarakimu tatu navyo huja na namba za tarakimu tatu. Kama ndoto ingekuwa inabeba namba yake yenyewe, isingesubiri kujua mchezo wa mjini kwenu una mipira mingapi. Namba imekatwa kufuata mchezo, na aliyekata ni mwenye kuchapa.

Pancha
Kwa hiyo cha nyoka hakuna.

Karani wa Zamu
Cha nyoka kipo, Pancha. Vipo vingi, havielewani.

Kifungua Mimba
Nashukuru wote, kichwani sasa nimepata mwanga. Shida ni mdomo. Mama mdogo ndiye aliyenilea mwaka mama alipougua, siwezi kwenda na hesabu ya 7,920 kama namsomea mashtaka. Na jambo jipya: jamaa ameona anasita, leo amemwambia ana mtu wake ndani ya chumba cha droo.

Karani wa Zamu
La "mtu wa ndani" nilimalize haraka, kisha nimwachie Somo.

Wizi wa ndani umewahi kutokea kweli, usimwambie hauwezekani. Pennsylvania, Marekani, tarehe 24 Aprili 1980, mchezo wa tarakimu tatu kama huo wenu. Wahusika walidunga rangi nyeupe ndani ya mipira ili iwe mizito, wakaacha ya 4 na 6 tu ikiwa myepesi. Mashine iliyokuwa ikipandisha mipira kwa hewa ikawa inainua hizo mbili. Michanganyiko iliyobaki ni minane, ikatoka 666. Walikamatwa kwa sababu ya nini? Madau. Watu wachache walikuwa wamezinunua zile namba nane kwa wingi kupita kawaida, na jambo likaanza kunuka.

Basi mwizi wa kweli anahitaji kuigusa mipira, na anahitaji watu wachache mno wajue. Anayewatumia namba maelfu ya wasiomjua angekuwa anajichongea kila siku. Tena kama ni kweli, mama mdogo angekuwa ananunua mali ya wizi. Hilo la pili wazee wengi linawagusa kuliko hesabu.

Somo
Mwanangu Kifungua Mimba, usiende na vyote. Una mambo mawili mkononi na hayana uzito sawa. Kitabu amekinunua mara moja na kinamla dau la kila siku. Muuzaji anadai ada, na baada ya ada atadai nyingine: ya kufungua, ya kusafisha, ya haraka. Anza na muuzaji. Kitabu kiache mezani hata miezi. Ukivishika vyote siku moja, atatetea vyote.

Siku usichague ya droo kubwa, wala siku aliyokosa kwa tarakimu moja, siku hizo moyo uko juu. Mkiwa wawili, si mbele ya watoto wake. Na kiasi alichopoteza usikiulize kabisa. Akitaka atakitaja mwenyewe.

Kuhusu muuzaji, usianze na "umetapeliwa". Mweleze ule mgawo kama fumbo, kwa vitu. Chukua punje 80 za maharage, zigawe mafungu kumi ya nane nane. Mwambie, "Mama, tuseme hawa ni watu, na mimi ndiye muuzaji. Nitajie tarakimu yoyote." Akitaja 6, unabakiza fungu la 6, mengine unayaondoa. Sasa hizo nane zilizobaki ulizia, "Hawa wananionaje?" Atasema mwenyewe. Mwache aseme mwenyewe, usimwahi. Kisha swali moja tu: "Na hawa tuliowaondoa, wangekuja kukuambia?" Nyamaza hapo. Mimina chai.

Kuhusu ndoto ndipo watu wanapoharibu. Mjane anayemwota mumewe hachezi hesabu. Ukisema ndoto ni upuuzi, umesema mumewe ni upuuzi. Mwulize, "Baba mdogo alikuwaje?" Asimulie yote, nguo aliyovaa, alisema nini. Ikiisha, uliza polepole, "Na namba, aliitaja yeye?" Mara nyingi jibu ni hapana, namba ilikuwa kitabuni. Basi umeshatenganisha: ndoto ni yake na ya marehemu wake, inabaki na heshima yake. Namba ni ya mchapishaji, na huyo mnaweza kumjadili bila kumgusa marehemu.

Nahodha
Na kama marehemu aliitaja? Maana wapo wanaotajiwa namba waziwazi.

Somo
Hapo mimi huacha. Aicheze kwa dau dogo, asikope.

Hesabu Kichwani
Mimi nisingeacha hivyo, ningeomba iandikwe kwenye karatasi na tarehe kabla ya droo. Zile zilizotajwa na hazikutoka husahaulika asubuhi, iliyotoka husimuliwa miaka ishirini. Karatasi haisahau.

Na kwa kitabu nina jaribio. Mchukue ndoto ya mama mdogo, andikeni namba zake 12. Kisha chukua kopo, weka vikaratasi kumi vya 0 hadi 9, mjukuu achomoe vitatu, andika namba, rudisha, tikisa, rudia mpaka zipatikane 12. Zile zenye tarakimu zilezile kwa mpangilio mwingine zirudiwe. Hiyo ni orodha ya kopo. Mwezi mzima, droo 30, kila iliyotoka kwa mpangilio wowote ipigwe alama kwenye orodha yake. Kila orodha itarajiwe kupata alama kama mbili. Nafasi ya kopo kupata angalau moja ni ileile 89 kwa 100. Mama ataona kopo nalo linaota.

Somo
Na orodha yake ikipata nne na kopo moja? Umemfungia pingu wewe mwenyewe. Mimi jaribio silipendi, unamwekea mtu mzima mtihani.

Karani wa Zamu
Hofu ya Somo ni ya kweli. Kwa orodha mbili, ndoto inaweza kushinda karibu kirahisi kama kurusha sarafu. Kama mtafanya, wekeni makopo matatu, kila moja liwe la mtu wa nyumbani. Hapo nafasi ya orodha ya ndoto kuwa juu peke yake ni chini ya robo. Na semeni kabla ya kuanza kwamba mojawapo lazima litakuwa juu, msisubiri mwisho kulisema.

Jingine ambalo Hesabu amelipita: kwenye kitabu huwa kuna namba kama 447. Hiyo ina mipangilio mitatu tu badala ya sita, na 444 ina mmoja. Zikiwamo kwenye orodha ya ndoto zitaifanya iwe dhaifu kuliko ya kopo, na mama akishindwa ni kama mmemchezea rafu. Aidha aziache achague nyingine kitabuni, au kila kopo nalo lipewe namba za aina hiyo kwa idadi ileile.

Kwa mwezi huo asiache kucheza kama hataki. Ila dau liwe lile la siku zote.

Domo Tamu
Sasa kwa mwaka anapoteza kiasi gani huyu mama, hata bila muuzaji?

Hesabu Kichwani
Dau moja kila siku ni 365. Mchezo ukilipa 500 kwa 1, kwa wastani hurudi kama 182, yaani nusu. Lakini wastani hauonekani kwa jicho: katika kila watu 100 wanaocheza hivyo mwaka mzima, kama 69 hawapati kitu hata mara moja. Nyuma ya tiketi au kwenye kanuni za mchezo wameandika wanalipa ngapi. Ikiwa si 500, badilisha hapo tu.

Kifungua Mimba
Nimeshaongea naye la maharage. Sikutumia punje 80, nilitumia 40, mafungu kumi ya nne nne. Alicheka, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ni haragwe?" Nikasema hapana mama. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema ada hatalipa wiki hii. Wiki hii tu, lakini.

Kitabu sijakigusa. Makopo ameyakubali, ila anasema lazima na yeye awe na kopo, mbali na ndoto.

Somo
Wiki hii inatosha. Usimkumbushe ijayo, msubiri.

Nahodha
Swali dogo kabla hamjaanza. Droo ikitoka 077, inahesabiwa kwa nani?

Karani wa Zamu
Kama orodha zote hazina tarakimu inayojirudia, haihesabiwi kwa yeyote. Lakini andikeni tarehe na 077, na mbele yake "hakuna". Msiuruke mstari.